Ijumaa Kuu ya 1962 na ile njia ya mkato

Jamaa yangu mmoja, tumuite Kevo, alinitumia klipu usiku wa saa sita. Mzungu mmoja ameketi kwenye zulia anasema alikula uyoga fulani, na kwa saa nne akapata kile ambacho watawa wanakitafuta miaka 40. Chini yake Kevo akaandika: "Sasa hawa watawa walikuwa wanapoteza taimu ama?" Halafu akaongeza kitu kilichonitoa usingizi: kuna mtu anamjua, ana huo uyoga, na wikendi ijayo wanaenda kukaa mahali Naivasha wajaribu.

Ningeweza kumjibu tu "wacha ujinga." Lakini swali lake si la kijinga. Limeulizwa na wasomi, mapadre, masufi na madaktari, na kuna siku moja ambapo watu walijaribu kulijibu kwa vipimo. Nikakaa nikaandika hii. Ilianza ikiwa jibu la Kevo, lakini naona inaweza kuwasaidia wengine pia.

Siku yenyewe ni Aprili 20, 1962, Ijumaa Kuu, katika jiji la Boston huko Marekani. Daktari kijana anayeitwa Walter Pahnke, ambaye pia alikuwa amesomea uchungaji, alikuwa anafanya shahada ya uzamivu Harvard. Msimamizi wake alikuwa Timothy Leary, yule mhadhiri ambaye baadaye alijulikana dunia nzima kwa kupigia debe hizi dawa. Pahnke alitaka kujua jambo moja: ukimpa mtu wa dini dawa ya kuleta maono, ndani ya kanisa, siku takatifu, je, atakachokipata kitafanana na kile ambacho wacha Mungu wa zamani waliandika?

Akawapata wanafunzi 20 wa seminari waliojitolea. Wote walikuwa Wakristo waliokuwa wanasomea dini, na walikuwa wameandaliwa mapema kwa siku hiyo. Kumi wakapewa miligramu 30 za silosibini, ile kemikali iliyo kwenye uyoga wa maono. Kumi wengine wakapewa niasini, yaani vitamini B3, kwa sababu dozi kubwa ya niasini inakufanya uhisi joto na ngozi iwashe, hivyo utadhani dawa imeanza kufanya kazi. Hakuna aliyeambiwa amepewa nini, na Pahnke mwenyewe hakujua.

Kisha wakashushwa kwenye kanisa dogo la chini ya ardhi, ndani ya Marsh Chapel ya Chuo Kikuu cha Boston. Juu yao, katika kanisa kubwa, ibada ya Ijumaa Kuu ilikuwa inaendelea. Aliyeiongoza ni Howard Thurman, mhubiri Mweusi aliyewahi kukutana na Gandhi huko India na ambaye mafundisho yake yalimgusa sana Martin Luther King. Sauti yake ilishuka kwa vipaza sauti hadi kule chini kwa muda wa saa mbili na nusu.

Ile siri ya nani amepewa nini haikukaa hata saa moja. Mwanzoni wale wa niasini walisikia joto wakafikiri wao ndio wamebahatika. Baadaye joto likaisha, wakabaki wameketi wakisikiliza mahubiri kama kawaida, huku wenzao wengine wamelala kwenye viti, wengine wakizunguka, wengine wakilia. Kila mtu akajua. Hii ni kasoro kubwa ya jaribio, na inazisumbua tafiti za dawa hizi hadi leo: ni vigumu kumficha mtu kwamba hajapewa kitu kinachotikisa ulimwengu wake wote.

Pahnke alikuwa na orodha ya alama tisa, aliyoitoa hasa kwa mwanafalsafa W. T. Stace. Alama hizo ni kuhisi kwamba vyote ni kimoja, kutoka nje ya muda na mahali, furaha na amani ya kina, kuhisi utakatifu, uhakika kwamba ulichokiona ni kweli, mambo yanayopingana kuonekana kweli kwa pamoja, kukosa maneno ya kueleza, hali yenyewe kupita, na mwisho mabadiliko mema yanayobaki maishani. Aliwapa maswali siku zilizofuata, akawarudia tena baada ya miezi sita. Kati ya wale kumi wa silosibini, wanane walifikisha angalau alama saba. Kati ya wale wa niasini, hakuna.

Kwa hivyo tuanze kwa ukweli, Kevo. Yule jamaa wa klipu hakukudanganya kuhusu kitu alichohisi. Mwaka 2006, timu ya Roland Griffiths pale Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ilirudia jambo hili kwa watu 36, safari hii kwa mbinu makini zaidi, na karibu theluthi mbili walisema tukio lile lilikuwa kati ya mambo matano yenye maana zaidi katika maisha yao. Watu waliliweka pamoja na kuzaliwa kwa mtoto wao wa kwanza au kufiwa na mzazi. Mtu akikuambia "hiyo ni ulevi tu kama wa chang'aa," hajasoma.

Lakini kuna kitu Pahnke hakukiandika.

Karibu robo karne baadaye, mtafiti anayeitwa Rick Doblin alianza kuwatafuta wale wanafunzi mmoja mmoja. Elewa kwamba Doblin si adui wa hizi dawa, yeye ni mmoja wa watetezi wake wakubwa duniani. Aliwapata na kuzungumza na saba kati ya wale kumi wa silosibini, na mwaka 1991 akachapisha alichokisikia. Wale saba, wakiwa sasa watu wazima, bado walisema kile walichokipata siku ile kilikuwa cha kweli, na ni kati ya vilele vya maisha yao ya kiroho. Hilo ni zito. Lakini wengi wao walisema pia kwamba walipitia vipindi vya hofu kali, wengine wakidhani wanakufa au wanapoteza akili, na ripoti ya Pahnke ilikuwa imeyapita mambo hayo juu juu.

Na kulikuwa na mmoja ambaye hakutaka kuhojiwa kabisa. Siku ile ya 1962 huyu kijana aliamini kwamba Mungu amemteua kutangaza ujio wa Masihi na enzi ya amani duniani. Akatoka kanisani, akaingia barabarani kupeleka habari. Ikabidi wamfuate, wamrudishe, na wamdunge sindano ya kumtuliza. Hiyo sindano haikutajwa kwenye tasnifu ya Pahnke. Dunia ilisoma kuhusu wanane waliofikisha alama saba, lakini kuhusu yule aliyekimbilia barabarani ikaja kujua miaka mingi baadaye.

Mmoja wa waliomfuata barabarani anaitwa Huston Smith, na ndiye ninayemwamini zaidi katika hadithi hii. Smith alizaliwa China kwa wazazi wamisionari, akawa profesa, na kitabu chake kuhusu dini za dunia kilisomwa na mamilioni. Siku ile alikuwa pale kanisani kama mmoja wa wasaidizi, na yeye pia alimeza dawa. Baadaye alisema kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikutana na Mungu kama nafsi, jambo ambalo hakuwahi kulijua hivyo kabla. Kwa hivyo huyu si mtu wa kupinga kutoka mbali.

Na bado, miaka miwili baadaye, mwaka 1964, aliandika makala akatoa hoja ambayo mpaka leo hakuna aliyeiondoa. Alisema kwamba dawa zinaonekana kuweza kuleta tukio la kidini, lakini haionekani wazi kama zinaweza kuleta maisha ya kidini. Tukio ni kitu kimoja, maisha ni kitu kingine.

Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinaingia, na nilipoliona hili nilisimama kidogo. Masufi, yaani Waislamu wa njia ya kiroho, walilizungumza jambo hili karibu miaka elfu moja kabla ya Smith, na kwa maneno ambayo wewe na mimi tunayatumia kila siku. Waliita kitu cha kwanza "hal." Ndiyo hiyo hiyo "hali" ya u hali gani. Kitu cha pili waliita "maqam," mahali pa kusimama, na ndilo neno lililotupa "makamu," yule anayesimama mahali pa mwingine.

Al-Qushayri, mwanachuoni wa mji wa Nishapur aliyefariki 1072, alieleza tofauti yake hivi kwa ufupi: hali ni zawadi na makamu ni chumo. Hali inakushukia bila wewe kuipanga, inakufunika, halafu inaondoka. Makamu unayafikia kwa kazi, na ukiyafikia unasimama hapo. Sasa sikia majina ya baadhi ya makamu hayo: toba, subira, tawakali, ridhaa. Bibi yako anayajua yote. Hakuna hata moja kati ya hayo unaloweza kulimeza. Unaweza kumeza kitu kikakufanya ujihisi mwenye subira kwa saa nne, lakini subira yenyewe inajulikana Jumatatu asubuhi, matatu imekwama Thika Road, konda anakataa kukurudishia chenji, na mdogo wako amekula chakula chako.

Na rudi kwenye ile orodha ya Pahnke. Alama ya nane ni kwamba hali hupita, na ya tisa ni mabadiliko yanayobaki. Saba za kwanza pamoja na ya nane unaweza kuzipima jioni ile ile. Ya tisa tu ndiyo inayohitaji miezi na miaka, na hiyo ndiyo ambayo njia za zamani zinaiuliza kwanza.

Kuna sababu ya pili ya tahadhari yao, nayo ni kwamba hali inaweza kudanganya. Mtu anapokuwa ndani yake, ana uhakika wa asilimia mia. Uhakika umo kwenye orodha yenyewe, ni alama ya tano. Yule kijana wa barabarani alikuwa na uhakika kuliko wote. Uhakika wake haukuonyesha kwamba ana ujumbe. Ulionyesha jinsi dawa ilivyomshika.

Wakatoliki walilijua hili bila dawa yoyote. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania, aliandika mwaka 1577 kuhusu watawa wenzake waliokuwa wanafunga na kujinyima usingizi mpaka mwili unalegea, halafu ule ulegevu wakauita muujiza wa Mungu. Anamtaja mmoja aliyekaa hivyo saa nane. Teresa mwenyewe alikuwa na maono mengi maishani, kwa hivyo ungetegemea afurahi. Badala yake akasema huo ni upumbavu tu wa mwili dhaifu, na dawa yake ni kumpa dada huyo chakula, alale, na apunguziwe kufunga. Akapona.

Fikiria maana yake. Kufunga na kukesha ni njia halali kabisa ya dini yake, na bado Teresa hakukubali kwamba kila kinachotoka huko ni cha Mungu. Aliangalia matunda: je, mtu ametoka hapo mnyenyekevu zaidi, mwenye upendo zaidi kwa dada aliye jikoni, au ametoka anajiona maalum? Walimu wa Zeni huko Japani nao wana neno, "makyo," kwa maono yanayomjia mtu akiwa ameketi katika tafakari. Mwanafunzi akikimbia kusema amemwona Buddha akiwaka nuru, mwalimu humwambia arudi kwenye mkeka, aketi vizuri, aendelee kuhesabu pumzi zake. Hawamkemei wala hawampi cheti.

Kwa hivyo si kweli kwamba watawa wanasema "dawa ni mbaya, njia yetu ni nzuri." Wana shaka na hali zote, hata zile za kwao. Dawa wanaionea shaka zaidi kwa sababu inakupa hali kubwa kuliko uwezo wako wa kuibeba, na inakupa kwa ratiba yake. Wabuddha wana amri ya tano inayowaambia wajiepushe na vileo, na sababu iliyotajwa ndani yake ni kwamba vinaleta uzembe wa akili, yaani vinakuondolea ule uangalifu ambao ndio kazi yote.

Najua kuna msee atauliza: na wale ambao uyoga ni mila yao? Swali zuri. Wamazateki wa Mexico walikuwa na María Sabina, mganga aliyetumia uyoga huu katika ibada za usiku. Lakini yeye aliutumia kumtafutia mgonjwa tiba, si kujitafutia hisia. Ulikuwa na wakati wake, nyimbo zake, masharti yake, na mtu aliyejua njia akikesha nawe mpaka asubuhi. Mwaka 1955 alimkaribisha Mmarekani anayeitwa Gordon Wasson, na 1957 Wasson akaandika hadithi yake katika jarida la Life. Wageni wakafurika kijijini wakimtafuta Mungu. Polisi nao wakaja, na nyumba ya María Sabina ikachomwa. Baadaye alisikitika, akasema tangu wageni hao waje, uyoga umepoteza nguvu yake. Hata kwa wenye mila, ukitoa kitu ndani ya maisha yanayokibeba, kinabaki kitu kingine.

Na hilo ndilo jibu langu kwa ile klipu. Lile jaribio la Boston halikuwa njia ya mkato. Wale vijana walikuwa wamejaa Biblia, wakaandaliwa, wakawekwa kanisani siku ya Ijumaa Kuu, chini ya sauti ya mmoja wa wahubiri wakubwa wa karne, na wasaidizi kila upande. Dawa ilikoleza kitu kilichokuwa tayari kimepandwa. Hata kule Johns Hopkins, wale watu 36 wote walikuwa na mazoea fulani ya dini au ya kiroho. Mwaka 2018 timu hiyo hiyo ilichapisha utafiti wa watu 75 ambapo dawa iliunganishwa na tafakari na mazoezi mengine ya kiroho. Dozi kubwa ilifanya tofauti kubwa, lazima niseme hivyo, lakini mabadiliko yaliyodumu zaidi yalikuwa kwa wale waliopewa dozi kubwa pamoja na usaidizi mwingi wa kushikilia mazoezi yao. Ile barabara ndefu haikuruka popote.

Sasa Naivasha. Kevo, ndugu yako mkubwa alilazwa mwaka juzi. Ulinihadithia mwenyewe jinsi alivyokuwa anasikia sauti zikimwambia yeye ni nabii, na jinsi mama yenu alivyokaa nje ya wodi siku nne. Watafiti wa Hopkins wana orodha ya watu wasiowapa dawa hii kabisa hata wakiomba, na kati ya wa kwanza ni mtu ambaye yeye au jamaa yake wa karibu amewahi kupata ugonjwa wa aina hiyo. Hawafanyi hivyo kwa sababu ni waoga. Wana madaktari, wana vitanda, wana dawa ya kutuliza kabatini, na bado wanasema hapana. Hata baada ya kuwachuja hivyo, karibu theluthi ya wale watu 36 walipatwa na hofu kali. Na nyinyi kule mtakuwa na nini? Uyoga ambao hamjui dozi yake, pengine hata hamjui ni uyoga gani, spika ya bluetuthi, na watu wanne ambao wote wamemeza. Ukitoka nje ukaenda barabarani na ujumbe wa Masihi, ni nani atakukimbilia?

Nilimtumia haya yote kwa sauti, dakika 11, akalalamika ni ndefu. Tukakutana Jumamosi kwa kibanda cha chapo. Hakwenda Naivasha. Sijui kama ni mimi au ni kwamba mwenye gari alihairisha, na sitajisifu. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Lakini si bado ungependa kuona walichoona?"

Nikamwambia ndiyo. Ningependa sana. Huston Smith alikiona na akashukuru hadi uzeeni. Ila pia aliendelea kukaa na sala na mazoezi yake miaka mingi sana baadaye, siku ambazo haoni chochote. Kevo akakaa kimya, akavunja chapo yake, nusu akanisukumia upande wangu. Halafu akaniuliza kama naweza kumsindikiza kesho yake kumwona ndugu yake, kwa sababu tangu arudi nyumbani hajawahi kukaa naye peke yake.